Haluli moja, vikombe viwili: jinsi ya kupima joto la chumvi inapoyeyuka majini

Ukimuuliza mwanafunzi wa kidato cha sita chumvi zipi hupoza maji na zipi huyapasha, atakutajia orodha. Kloridi ya amonia hupoza, nitreti ya amonia hupoza zaidi, kloridi ya kalsiamu hupasha, chumvi ya mezani haionyeshi kitu. Orodha hiyo ni sahihi, ila inamwacha akiamini kwamba baridi au joto ni tabia ya chumvi yenyewe, sawa na rangi yake. Ipo chumvi moja ya bei nafuu inayovuruga imani hiyo. Ikiwa kama ilivyotoka dukani hupoza maji. Ukiikausha vizuri kwenye moto, chumvi hiyo hiyo huyapasha maji mpaka kikombe kinakuwa cha moto mkononi.

Chumvi yenyewe ni salfeti ya magnesiamu, ile haluli ya kusafishia tumbo. Duka la dawa huiuza kama chumvi ya Epsom, na duka la pembejeo huiuza kama mbolea ya kunyunyizia majani. Fuwele zake zinabeba molekuli saba za maji kwa kila ioni ya magnesiamu, ndiyo maana fomula yake huandikwa MgSO4·7H2O. Maji hayo saba ndiyo kiini cha mwongozo huu. Tutapima kikombe kimoja chenye haluli ya dukani na kingine chenye haluli iliyokaushwa, kisha tutaona tofauti ya vikombe hivyo inatuambia nini kuhusu chumvi nyingine zote.

Vitu vya kuandaa

Tafuta gramu 150 hivi za haluli. Mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu inafaa zaidi, ile ndogo ya dijitali inayotumiwa na wauza dhahabu na viungo. Unahitaji pia themomita inayosoma nyuzi 0.1. Themomita ya dijitali ya jikoni yenye sindano inatosha, maana tunachotafuta ni tofauti ya joto, na hata ikiwa inakosea kwa nusu nyuzi, itakosea vivyo hivyo mwanzo na mwisho. Usitumie themomita ya homa: ya kioo husoma nyuzi 35 hadi 42 tu na inaweza kupasuka. Ile ya kulenga kwa mbali nayo haifai, kwa sababu inasoma uso wa maji peke yake.

Kikombe kiwe cha povu, vile vyeupe vyepesi vinavyouziwa chai ya kubeba. Chukua viwili, kimoja ndani ya kingine, uvisimamishe ndani ya bilauri nzito visipinduke. Kifuniko kiwe kipande cha katoni chenye tundu la themomita. Kwa kukaushia, tafuta bakuli la chuma cha pua au kikaango kizee ambacho hutakipikia tena, hasa kama haluli yako imetoka duka la pembejeo, kwa sababu ya mbolea haikusafishwa kwa ajili ya kuliwa.

Hatua ya kwanza: kagua haluli uliyonunua

Mimina kidogo kwenye karatasi nyeusi. Fuwele nzuri huonekana angavu, kama sindano au vijiti vifupi. Zikiwa zimefifia na zimejipaka vumbi jeupe, zimepoteza sehemu ya maji yake kwa kukaa wazi mahali pakavu, na vipimo vyako vya kikombe cha kwanza vitakuwa hafifu. Jambo hilo si dogo: fuwele yenye maji sita badala ya saba haipozi maji kabisa. Inatoa joto dogo sana, kiasi cha kilojuli 2 kwa moli, kipimo cha wanakemia cha kuhesabu chembe, joto ambalo themomita ya kawaida italiona kwa shida. Kama fuwele zimefifia, nunua pakiti nyingine iliyofungwa.

Hatua ya pili: kausha sehemu yake

Pima gramu 100 za haluli ndani ya bakuli, na uandike uzito wa bakuli tupu pembeni. Weka kwenye moto mdogo, vaa miwani, na usiinamie bakuli. Dakika za mwanzo chumvi itaonekana kana kwamba inayeyuka kwa moto. Kwa kweli inayeyuka ndani ya maji yake yenyewe, yale saba yaliyokuwa yamefungwa kwenye fuwele. Itachemka, itatoa mvuke, kisha itakuwa nzito na kuanza kurusha matone. Ukiharakisha hapa utapoteza chumvi ukutani, na hasara hiyo itakudanganya baadaye kwenye mizani, kwa hiyo moto ubaki mdogo mpaka kitu chote kigeuke gamba jeupe lililo gumu.

Sasa livunje gamba kwa kijiko cha chuma na uongeze moto. Usiogope kuiunguza, kwa sababu chumvi hii huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000, na jiko lako halifiki huko. Kosa linalotokea ni la upande mwingine, yaani kuacha mapema mno. Maji sita ya kwanza hutoka bila ugomvi, lakini molekuli ya saba imeshikwa kwa nguvu na haitoki vizuri mpaka joto lipite nyuzi 250 hivi. Oveni nyingi za nyumbani haziwezi kuing'oa. Kikaango juu ya moto mkali wa gesi kinaweza.

Mizani ndiyo itakayokuambia umefika wapi. Moli moja ya haluli ya dukani ina uzito wa gramu 246.5, na ikishakauka kabisa hubaki gramu 120.4. Kwa hiyo gramu 100 zinapaswa kuishia karibu gramu 49. Zikigoma kwenye gramu 56, bado umebakiza molekuli moja ya maji kwa kila magnesiamu. Pasha dakika kumi, funika, acha ipoe, pima, rudia, mpaka uzito usibadilike tena. Usipime bakuli likiwa la moto: hewa inayopanda juu yake huinua sahani ya mizani na kukupa uzito pungufu, achilia mbali kuiharibu mizani yenyewe.

Ikipoa, isage upesi iwe unga na uifungie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kukaza. Mtu wa Tanga au Mombasa ana sababu ya kuharakisha kuliko mtu wa Dodoma, kwa kuwa unga huu hunyonya unyevu wa hewa na kuanza kurudi ulikotoka.

Hatua ya tatu: kikombe cha baridi

Pima gramu 24.6 za haluli ya dukani, ambazo ni moli 0.1. Kwenye kikombe weka gramu 100 za maji yaliyokaa chumbani saa kadhaa. Chumvi nayo iwe imekaa chumba kile kile, kwa sababu ikitoka kwenye jokofu utapima baridi ya jokofu.

Soma joto kila nusu dakika kwa dakika tatu. Kama halitulii, subiri. Likishatulia, mimina chumvi yote, funika, koroga taratibu bila kuacha, na uendelee kusoma kila nusu dakika kwa dakika sita hivi. Joto litashuka, litagusa chini, kisha litaanza kupanda polepole kwa sababu chumba kinarudisha joto kikombeni.

Tuseme maji yalianza nyuzi 26.4 na yakashuka hadi 23.5. Tofauti ni nyuzi 2.9. Huenda ukaona ni kidogo, lakini hiki ndicho kiasi kinachotarajiwa, na ndiyo maana nilisisitiza themomita ya nyuzi 0.1.

Hatua ya nne: kikombe cha moto

Hapa pana hila ndogo ambayo vitabu vingi vya mazoezi huipuuza. Gramu 24.6 za haluli ya dukani zilikuja na maji yake ya ndani, gramu 12.6. Yalipoyeyuka, yalijiunga na yale gramu 100. Kama unataka vikombe viwili viishie na mchanganyiko ule ule kabisa, kikombe cha pili kianze na gramu 112.6 za maji na gramu 12.0 za chumvi kavu. Mwisho wa safari, hakuna mtu atakayeweza kutofautisha yaliyomo kwenye kikombe cha kwanza na cha pili. Hilo litatusaidia sana kwenye hesabu.

Chumvi iende kwenye maji, na isiwe kinyume chake. Ukimwaga maji kidogo juu ya rundo la unga mkavu, joto lote hukusanyika mahali pamoja na unga huweza kuchemka na kuruka. Mimina unga kwa vipindi vifupi huku unakoroga, maana ukiutupa wote kwa mpigo hujifunga bonge gumu chini ya kikombe, na bonge hilo huyeyuka taratibu huku joto linapotea.

Soma kama awali. Tuseme ulianza nyuzi 26.4, ukaweka chumvi kwenye dakika ya 3, na joto likafika kilele cha nyuzi 43.0 kwenye dakika ya 6, kisha likawa linashuka nyuzi 0.4 kila dakika. Kilele hicho ni cha chini kuliko ukweli. Katika zile dakika tatu za kuyeyuka, kikombe kilikuwa tayari kinavuja joto. Chora grafu, uweke rula kwenye mstari wa kushuka, uirudishe nyuma mpaka dakika ya 3. Dakika tatu mara 0.4 ni nyuzi 1.2, kwa hiyo joto ambalo lingefikiwa kama chumvi ingeyeyuka papo hapo ni nyuzi 44.2. Ongezeko ni 17.8, siyo 16.6. Marekebisho haya yanazidisha kidogo, kwa kuwa mwanzoni kikombe hakikuwa cha moto kiasi hicho wala hakikuvuja kwa kasi hiyo, lakini yanakuweka karibu na ukweli kuliko kuyaacha.

Hatua ya tano: kutoka nyuzi hadi kilojuli

Gramu moja ya maji inahitaji juli 4.18 ili ipande nyuzi moja. Mchanganyiko wetu una maji gramu 112.6 katika vikombe vyote viwili, kwa hiyo kila nyuzi moja ni sawa na juli 471. Chumvi yenyewe naiacha nje ya hesabu: katika mchanganyiko mwepesi kama huu, uwezo wa kubeba joto unakaribiana na ule wa maji peke yake.

Kikombe cha kwanza: 2.9 mara 471 ni juli 1,366, karibu kilojuli 1.37. Hizo ni za moli 0.1, basi kwa moli nzima ni kilojuli 13.7. Maji yamepoa kwa sababu chumvi imechukua joto kutoka kwao, kwa hiyo enthalpi ya myeyusho, yaani joto ambalo moli moja ya chumvi huchukua au kutoa inapoyeyuka, ni chanya: +13.7.

Kikombe cha pili: 17.8 mara 471 ni juli 8,384, yaani kilojuli 84 kwa moli. Maji yamepata joto, chumvi imelitoa, kwa hiyo ni hasi: −84.

Alama hizi huwachanganya watu wengi kuliko hesabu yenyewe. Anayeona maji yamepoa huandika hasi kwa sababu joto limepungua. Themomita inasoma maji, lakini enthalpi inaandikwa kwa upande wa chumvi. Walichopoteza maji ndicho ilichopata chumvi.

Thamani zinazokubalika ni karibu +13 kwa haluli ya dukani na karibu −90 kwa ile kavu, kwa hiyo mfano wetu umekosea kwa kiasi kinachostahili vikombe vya povu. Ukikosa kilojuli tano au sita kwenye kikombe cha moto hujaharibu. Ukikosa thelathini, soma sehemu ya makosa huko chini.

Kwa nini ziende pande mbili

Chumvi inapoyeyuka, mambo mawili makubwa hutokea kwa pamoja. Ioni zilizokuwa zimeshikana kwenye fuwele zinatenganishwa, na kutenganisha kunagharimu nishati siku zote. Kisha molekuli za maji huzizunguka ioni hizo, upande wenye chaji hasi kidogo ukielekea ioni chanya na upande mwingine ukielekea ioni hasi, na kuzungukwa huko kunatoa nishati siku zote. Hakuna fuwele inayotoa joto kwa kuvunjika. Joto unalolihisi ni salio, kama la daftari la duka: matumizi upande huu, mapato upande ule, na themomita huonyesha kilichobaki peke yake.

Ajabu ni kwamba matumizi na mapato ni makubwa mno kulinganisha na salio. Chukua chumvi ya mezani. Kutenganisha ioni za moli moja kunagharimu kilojuli 787 hivi. Maji yanazirudisha 783 hivi. Salio ni gharama ya kilojuli 4, na ndiyo maana kijiko cha chumvi kwenye bilauri ya maji hakionekani kufanya lolote. Mabadiliko ya asilimia chache tu upande mmoja yangeifanya chumvi ya mezani kuwa kipozeo au kipasho. Kwa hiyo anayekuambia kwamba chumvi fulani hupoza kwa sababu fuwele yake ina nguvu amekupa nusu ya daftari.

Nini basi kinachoegemeza salio upande mmoja? Angalia ukubwa wa ioni na chaji yake. Maji huivutia kwa nguvu ioni ndogo yenye chaji kubwa. Ioni ya potasiamu, ambayo ni kubwa na ina chaji moja, huingiza kilojuli 322 hivi inapozungukwa na maji. Sodiamu, iliyo ndogo kidogo, huingiza 406. Kalsiamu yenye chaji mbili huipita 1,500, na magnesiamu, ndogo zaidi tena yenye chaji mbili, hufika 1,900 na kitu. Hapo ndipo unapoona kwa nini nitreti ya potasiamu na chumvi za amonia hupoza: ioni zake chanya ni kubwa na mapato kutoka kwa maji ni madogo. Kloridi ya amonia huchukua kilojuli 15 hivi kwa moli, nitreti ya amonia karibu 26, na ndiyo maana imekuwa ikitiwa kwenye mifuko ya baridi ya huduma ya kwanza, ile unayoipasua ndani ili chumvi ikutane na maji.

Lakini udogo wa ioni hautoshi peke yake, maana ioni ndogo hushikana kwa nguvu hata ndani ya fuwele. Litiamu inaonyesha hilo vizuri. Kloridi ya litiamu hutoa kilojuli 37 kwa moli inapoyeyuka. Floridi ya litiamu, yenye ioni ile ile ya litiamu, huchukua karibu 5, na hata kuyeyuka huyeyuka kwa shida. Floridi ni ndogo, inaikaribia litiamu na kuishika sana, na gharama ya kuziachanisha inameza mapato yote. Kloridi ni pana zaidi, inaiweka litiamu mbali, fuwele inalegea, na mapato ya litiamu kutoka kwa maji yanabaki pale pale. Ioni ndogo iliyooana na kubwa hupasha mara nyingi zaidi kuliko ndogo mbili au kubwa mbili. Kanuni hii inasaidia kubashiri, haisaidii kuapa.

Sasa turudi kwenye vikombe vyetu. Katika haluli ya dukani, kila ioni ya magnesiamu imeshazungukwa na molekuli sita za maji tangu ilipokuwa ndani ya fuwele. Ya saba haimgusi magnesiamu, imekaa pembeni karibu na salfeti. Maana yake ni kwamba yale mapato makubwa ya magnesiamu kukutana na maji yalishatolewa zamani, siku fuwele ilipoundwa kiwandani. Ukiiweka kikombeni, kilichobaki ni kuvunja fuwele na kuzitawanya ioni ambazo tayari zimevaa maji yake. Matumizi yapo, mapato mengi yameshaliwa, na salio linakuwa baridi.

Ulipoikausha, uliilipia kwa gesi. Moto uliyang'oa maji yale kutoka kwa magnesiamu, na ndiyo maana la mwisho lilihitaji nyuzi zaidi ya 250. Kwenye kikombe cha pili maji yanarudi kwa mkupuo na nishati uliyoiweka jikoni inatoka. Unaweza hata kusoma kiasi chake: vikombe vyote viliishia na mchanganyiko ule ule, kwa hiyo tofauti kati yake ni bei ya yale maji saba. Ukitoa +13.7 kutoka −84 unapata karibu −98 kilojuli kwa moli. Thamani inayokubalika ni karibu −103. Huwezi kupima kiasi hiki moja kwa moja, kwa sababu ukidondoshea chumvi kavu maji saba kamili kwa kila magnesiamu utapata bonge lisilolingana, lenye maji mengi hapa na machache pale. Njia ya vikombe viwili inalizunguka tatizo hilo.

Na joto hupungua hatua kwa hatua kadiri maji yanavyoongezeka kwenye fuwele: kavu kabisa hutoa karibu 90, yenye maji mamoja karibu 58, yenye sita inakaribia sifuri, yenye saba inavuka upande wa baridi.

Swali moja hubaki kwa msomaji makini: kama kuyeyuka kunagharimu joto, chumvi ya baridi inayeyuka kwa nini? Kwa sababu nishati si hakimu pekee. Ioni zilizopangwa kwa safu kwenye fuwele zikitawanyika majini zina namna nyingi mno za kukaa, na mtawanyiko huo, yaani entropi, una uzito wake. Gharama ikiwa ndogo, mtawanyiko unashinda na joto linachukuliwa kwa maji. Gharama ikiwa kubwa mno, chumvi inabaki chini ya bilauri.

Vipimo vikienda kombo

Kikombe cha moto kikipanda nyuzi 10 au 11 tu, karibu hakika hukumaliza kukausha. Gramu 12 za chumvi yenye maji mamoja ni moli 0.087, na kwa kilojuli 58 zinatoa kilojuli 5, ambazo ni nyuzi kumi na kitu. Rudi kwenye mizani, uone kama gramu zako 100 ziliishia 49 au 56. Kama mizani inadai 49 na kikombe kinakataa, kumbuka matone yaliyoruka. Chumvi iliyoruka ilipunguza uzito bila kukausha chochote.

Kikianza vizuri wiki ya kwanza na kulegea wiki ya tatu, kifuniko cha chupa kinavuja. Hali hii huipata zaidi kloridi ya kalsiamu, ile iliyomo kwenye vikopo vya kunyonya unyevu kabatini. Ikiwa kavu hutoa kilojuli 80 na kidogo kwa moli. Ikishajaza maji sita kwenye fuwele yake, inageuka na kupoza. Mwalimu anayeonyesha darasani kuwa kloridi ya kalsiamu hupasha, halafu maji yakabaki vile vile, ana chupa iliyofika katikati ya safari hiyo.

Kikombe cha baridi kikishuka kwa nyuzi zisizofika 2, shuku fuwele zilizofifia kwanza, kisha mkono wako. Kushika kikombe wakati wa kukoroga kunatosha kula sehemu ya tofauti ndogo kama hiyo.

Magadi ya kuchomea, yaani hidroksidi ya sodiamu, usiyaingize kwenye zoezi hili la nyumbani. Hupasha sana na huchoma ngozi na macho. Mchanganyiko wa haluli hauna shida kubwa, mwaga sinki ukiongezea maji, ila usinywe: gramu 12 za salfeti ya magnesiamu ni dozi ya kuharisha.

Jozi nyingine ya kujaribu

Ukitaka baridi inayoonekana kwa macho, tumia kaboneti ya sodiamu, ile soda ambayo kiwanda cha Ziwa Magadi huitengeneza kwa kuchoma magadi ya ziwani. Soda kavu hupasha: gramu 10.6 ndani ya gramu 118 za maji zitakupa nyuzi 5 hivi. Fuwele zake zenye maji kumi hupoza kwa kilojuli 67 kwa moli, na gramu 28.6 ndani ya gramu 100 za maji hushusha themomita nyuzi 13 au zaidi.

Fuwele hizo utazitengeneza mwenyewe. Yeyusha soda kwenye maji ya moto mpaka yakatae kupokea zaidi, chuja kwa kitambaa, weka kwenye jokofu usiku mmoja. Asubuhi utakuta fuwele kubwa angavu. Zimwage maji yake, zikaushe kwa kuzibonyeza na kitambaa safi, uzipime mara moja. Usizianike, maana hewa kavu huzigeuza unga mweupe uliopoteza maji tisa. Na kama uko Dar es Salaam mwezi wa Februari, fanya kazi hii alfajiri au kwenye chumba chenye kiyoyozi: chumba kikipita nyuzi 32, fuwele hizi haziwezi kudumu, zinayeyuka ndani ya maji yake zenyewe hata kabla hujazifikisha kwenye mizani.